Batli ya MV Sufuria

Baada ya kiharusi, cucu wangu, bibi mzaa mama, alibakiwa na neno moja tu: eeh. Ukimuuliza kama ameshiba, eeh. Kama bado ana njaa, eeh. Siku moja nilimuuliza kama ni kweli yeye ni rubani wa ndege. Akanitazama kwa makini, kisha akajibu eeh, na mama akanirushia kitambaa cha vyombo usoni.

"Unamcheka mgonjwa?"

"Simcheki, mama. Nafanya utafiti."

Shida ni kwamba tata, dada mkubwa wa mama, naye alikuwa amefanya utafiti wake. Aliketi kando ya kitanda cha cucu, nyumbani kwake kule Murera, akamshika mkono, akamuuliza, "Mami, si utakuja tukae na wewe Ruiru? Hii nyumba tuifunge?" Cucu akasema eeh. Tata akalia, akajifuta machozi, akaanza kupiga simu. Ng'ombe akatafutiwa mnunuzi. Kuku wakagawiwa majirani. Jumamosi iliyofuata ilikuwa ndiyo siku ya kuhama.

Sitaki mtu amchukie tata. Cucu alikuwa ameshaanguka mara moja karibu na zizi, akalala hapo kwenye umande mpaka jirani alipokuja kuchukua maziwa. Tata ndiye aliyepigiwa simu. Tangu siku hiyo simu yake ikilia asubuhi mapema, anaruka kama mtu aliyeshika waya wa stima. Lakini fleti yake Ruiru iko orofa ya nne, na lifti yake iliharibika kabla mapacha wake hawajazaliwa. Mtu akishampandisha cucu pale juu, atashuka tu siku ya kwenda hospitali, au siku ile nyingine.

Nilimwambia mama, "Lakini cucu husema eeh kwa kila kitu."

"Najua."

"Sasa mbona usimwambie tata?"

Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani, hapa kwetu Thika, Eneo la Viwanda, na miguu yake ilikuwa ndani ya karai la maji moto. "Nitamwambia nini? Kwamba maitu, mama yetu, hataki? Wewe umemsikia akisema hataki?"

Sikuwa nimemsikia. Hakuna aliyekuwa amemsikia. Kule kliniki, yule mama wa mazoezi ya kuongea alituambia kuwa cucu anaelewa kuliko anavyoweza kusema, tumpe muda, na tusimmalizie maneno. Ila tata alikuwa tayari amemmalizia sentensi nzima.

Ngoja niwaambie cucu alikuwa nani kabla ya eeh. Alikuwa mwongo. Mimi nilirithi kutoka kwake, si kutoka shuleni kama mwalimu wangu anavyofikiri. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo Thika, na hajawahi kuiona bahari hata kwa picha ya maana, lakini alikuwa na hadithi za meli usiku kucha. Alikuwa nahodha. Alivuka mawimbi marefu kuliko mabomba ya moshi ya viwanda. Tukimuuliza meli ni kitu gani, alikuwa akisema, "Meli ni sufuria tu iliyoenda shule." Kisha alikuwa akipiga goti na kuita, "Kitendawili!" na sisi tukijibu, "Tega!" Tukishindwa, alidai mji. Hiyo ndiyo sheria: ukishindwa na kitendawili, unampa aliyetega mji, ndipo akupe jibu. Tulimpa Nairobi, tukampa Nakuru. Wakati mmoja nilimpa Theta, akakataa, akasema Theta ina matope, nimuongezee Juja juu yake.

Ni hilo la mji lililonijia nikiwa nimelala kitandani, siku nne kabla ya Jumamosi. Nilihitaji swali ambalo eeh haiwezi kulijibu.

Mapacha wa tata, msichana na mvulana wa miaka tisa, walikuwa wamenisumbua likizo nzima wakitaka escape room, chumba cha kutoroka kama walichoona kwenye simu: mnafungiwa ndani, mnatafuta vidokezo, kila kidokezo kinawapeleka kwa kingine, mpaka mpate namba ya kufuli la mwisho. Nikamwambia mama kuwa Jumamosi nitawashughulisha mapacha ili yeye na tata wafunge mizigo kwa amani. Mama aliwahi kuwaona mapacha hao wakipanda kabati la vyombo. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mchezo wa namna hii hutengenezwa kutoka mwisho. Mara ya kwanza nilianzia mwanzo, nikaandika vitendawili vitamu sana, kisha nikagundua kuwa havimfikishi mtu popote. Vilikuwa kama barabara ya wakati wa kampeni. Nikachana, nikaanza na kufuli la mwisho, nikajiuliza, namba yake itatoka wapi? Na hicho kitu kitakuwa kimefichwa wapi? Na nani atawaelekeza hapo? Hivyo nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nikafika mlangoni. Kila kidokezo kilikuwa na kazi moja, kikishatumika kinawekwa kando. Kidokezo cha kazi mbili huwachanganya watu, wakaanza kung'oa vigae.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: meli MV Sufuria imefika salama, lakini nahodha amepoteza kitabu cha safari, kile ambacho kila siku huandikwa saa, upepo na mahali meli ilipo. Bila kitabu hicho, meli haijui ilitoka wapi wala itie nanga wapi. Kamusi ya shule ilisema kitabu hicho kinaitwa batli. Nilipenda hilo neno. Nilichukua daftari la kurasa chache, nikaloweka karatasi kwenye chai ya rangi, nikazikausha kwenye kamba ya nguo, nikachoma kingo zake kwa kiberiti juu ya sinki. Mama alipofika nyumbani aliuliza ni nini kinanuka. Nikamwambia ni historia.

Mama ndiye niliyemjaribia, maana mchezo ambao hujamjaribia mtu asiyejua majibu ni fumbo lako mwenyewe tu. Akakwama kwenye namba ya kufuli la baiskeli. Batli ilisema meli iliona mwanga saa mbili usiku, naye akaweka sifuri mbili, sifuri sifuri. Kwake saa mbili ni mbili. Nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza, nikaongeza sheria ya nahodha: "Melini tunasoma saa kwa namba nne, tukianza kuhesabu saa sita ya usiku." Mama akasoma tena, akafikiri, akaweka ishirini, sifuri sifuri. Kufuli likaachia. Alicheka kama msichana, akiwa bado na sare ya kazi.

Kisha akaziona kadi nne mezani na kicheko kikakatika.

Nilikuwa nimechora miji minne, bila maneno, kwa sababu sikujua kama cucu bado anaweza kusoma. Thika ilikuwa mabomba ya moshi na mama yangu mlangoni. Ruiru ilikuwa fleti ya tata, na ngazi, na mapacha dirishani. Mombasa ilikuwa bahari yenye meli. Murera ilikuwa nyumba ya cucu, mparachichi wake, na ng'ombe wake mweusi mwenye pembe moja.

"Hizi ni za nini?"

"Za msaada. Mapacha wakikwama wanaomba mji kwa nahodha, wananiletea, nawapa msaada. Mara tatu tu. Mji unaobaki ndio bandari."

"Na nahodha ni nani?"

Mama alishika ile kadi ya Murera kwa muda mrefu. Akasema, "Tata yako atakuua," akaenda kulala.

Jumamosi mimi na mama tulitangulia Murera, kisha tata akafika na mapacha na sutikesi kubwa nyekundu ya magurudumu. Akapakia nguo za cucu, blanketi, dawa, na picha ya babu. Alipotoka nje kuongea na mnunuzi wa ng'ombe, nilibonyeza kile kitufe kidogo cha kufuli la sutikesi kwa ncha ya kalamu, nikaweka namba yangu, nikatia ukurasa wa mwisho wa batli juu ya nguo, nikafunga. Kwa hiyo kufuli la mwisho la mchezo wangu lilikuwa ni sutikesi ya safari yenyewe. Bila kutatua vitendawili, hakuna aliyekuwa anaenda Ruiru na soksi safi.

Tulimweka cucu kwenye kiti chake sebuleni. Mkono wake wa kulia hausikii, kwa hivyo nilimwekea sinia mapajani, upande wa kushoto, na kadi nne juu yake. Nikamvika kofia ya babu. Nikapiga saluti.

"Nahodha, uko tayari?"

"Eeh."

"Anasema eeh kwa kila kitu," akasema pacha msichana.

"Wewe nyamaza, baharia."

Nikawasomea barua ya nahodha: "Mabaharia! Tafuteni batli yangu. Kila siku namtazama naye ananitazama, nikiondoka hanikumbuki. Nyuma yake ndipo nilipoificha." Jibu lilikuwa kioo, na kilikuwa kinaning'inia mbele yao. Lakini mapacha hawakufika kwenye kioo. Walisikia batli, na kwetu huku, ambako l na r hulala kitanda kimoja, batli ni batri. Mvulana akafungua mgongo wa rimoti. Msichana akapanda kiti, akashusha saa ya ukutani, akatoa batri yake, akaniletea kwa heshima.

"Hii hapa. Tumeshinda?"

"Hiyo ni batri."

"Si ndiyo umesema?"

"Nimesema ba-tli. Kitabu."

"Sasa kwa nini usiseme kitabu?" msichana akauliza. Tata alikuwa ameingia na mfuko wa viatu, akacheka mpaka akaketi. Saa ilikuwa imesimama mezani, uso juu, na hakuna aliyeirudisha.

Wakakwama hapo. Nikawafundisha sheria: nendeni kwa nahodha, ombeni mji. Wakapiga magoti mbele ya kiti.

"Nahodha, tupe mji!"

Cucu akaangalia sinia. Nilidhani nimeuliza kitu kikubwa mno. Mate yalimtoka kidogo, mama akasogea kumpangusa. Kisha mkono wa kushoto ukainuka polepole, ukatembea juu ya kadi zote kama mtu anayechagua nyanya, ukaisukuma Thika.

"Cucu!" nikasema. "Umetutoa sisi kwanza?"

"Eeh."

Wote walicheka, hata mama. Nikawapa msaada, wakaenda kwenye kioo, batli wakaipata. Kwenye kufuli la baiskeli, lililofunga sanduku langu la bati la shule, wakaweka namba ya saa mbili kama mama alivyofanya, na sheria ya nahodha wakairuka kwa sababu ilikuwa na maneno mengi. Wakarudi kwenye kiti.

"Nahodha, tupe mji!"

Safari hii cucu hakukawia. Akaisukuma Ruiru.

Pacha msichana akaiokota, akaigeuza. "Hii ni kwetu," akasema. "Mami, cucu ametoa kwetu."

"Ni mchezo tu," tata akasema. Lakini aliweka chini mfuko wa viatu.

Nikamuuliza mvulana simu ya mama yake huonyesha namba gani wakila chakula cha usiku. Akakimbia, akaweka ishirini, sifuri sifuri. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi yenye matundu; wakailaza juu ya ukurasa wa batli, na maneno yaliyobaki kwenye matundu yakasomeka CHINI YA KITI CHA NAHODHA. Hapo wakatoa bahasha yenye vitendawili vitatu. Kila jibu lilikuwa kitu cha hapo sebuleni, na kila kitu kilikuwa na tarakimu moja chini yake. Tarakimu tatu, kwa mpangilio wa karatasi, ndizo namba ya sutikesi.

"Bibi mweusi hukalia moto, yeye akiinuka, watu huketi." Sufuria, wakaipata haraka. "Hunywa jua mchana, hulitapika usiku." Taa ya sola. Cha tatu kikawashinda: "Hukimbia kwa mguu mmoja bila kusonga, na nyuma yake huacha barabara." Ilikuwa cherehani ya cucu, pale kona, chini ya kitambaa alichoshona mwenyewe. Wakatafuta jogoo, wakatafuta ufagio.

Wakarudi kwa nahodha. Lakini sasa hawakupiga kelele. Watoto husikia chumba kikibadilika.

"Cucu, tupe mji."

Zilikuwa zimebaki mbili. Murera, na Mombasa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mikono kifuani. Cucu akauweka mkono juu ya Mombasa. Akauondoa. Akauweka tena. Miaka yote ile ya mawimbi na tufani, uongo wake wote mtamu, ulikuwa chini ya kiganja kimoja. Kisha akaisukuma kadi mpaka ukingoni mwa sinia, ikaanguka sakafuni. Mkono ukarudi, ukalala juu ya Murera.

Hakuna aliyeokota ile kadi. Tata akaja, akachuchumaa, akajaribu kuinua kile kiganja taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Kiganja hakikuinuka. Kilikuwa dhaifu sana, na hakikuinuka.

"Mami, niachie."

Hapakuwa na eeh.

Tata akasimama akanigeukia. "Umempanga."

"Sijampanga, tata."

"Wewe ndiye uliniambia nimeshinda friji kwa simu. Wewe ndiye uliweka chumvi kwenye chai ya pasta wetu wa kanisa. Umemfundisha cucu wako, mgonjwa, afanye mchezo juu yangu."

Nilikuwa na majibu kama sita, yote ya kuchekesha. Nilitafuta moja lisilo la kuchekesha, sikulipata. Ndiyo shida ya kazi yangu ya uongo. Siku unayosema ukweli, umevaa nguo zile zile.

"Mama Twins," mama akamwambia dada yake. Hajazoea kumpinga. "Usimuamini yeye. Muulize maitu mwenyewe. Sisi tutoke."

Tukatoka. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa amekaa juu ya jiwe akitafuna muwa. Mapacha walijipanga kando yangu, wametulia kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Nikashika ile pembe moja ya ng'ombe. Kupitia dirishani nilisikia tata akizichanganya kadi, nikasikia akizipanga juu ya sinia. "Mami, tupe mji," akasema. Akauliza tena. Akachanganya tena. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, kama ya yule pacha.

Alipotoka alikuwa na kadi tatu mkononi, bila ile ya Murera. Hakunitazama. Aliitazama ile ya juu, ya Ruiru.

"Hizi ngazi, mbona umechora nyingi hivi?"

"Ndivyo zilivyo, tata."

Akatingisha kichwa. Akamtazama mnunuzi, akamwambia pole, ameamka bure. Kisha akaniuliza namba ya sutikesi. Mapacha wakapiga kelele kwamba hapana, hapana, bado kimoja; nikawapa msaada wao wa tatu, wakakimbia ndani. Tukawasikia wakivuta kitambaa cha cherehani. Tarakimu ya mwisho ilikuwa saba.

Sutikesi ilipofunguka, ukurasa wa mwisho wa batli ulikuwa juu ya sweta ya cucu. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu: "Nahodha ametia nanga katika bandari ya," na nafasi tupu.

"Sasa nani atalala hapa usiku?" tata akauliza. Hakuuliza mtu maalumu. "Akianguka tena? Hilo mmefikiria, au mmefikiria vitendawili tu?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na hapakuwa na kadi yake.

"Mimi," nikasema. "Mpaka shule ifunguliwe."

Nikangoja wacheke. Hawakucheka. Mama akasema ataomba abadilishiwe zamu. Tata akasema Ijumaa mpaka Jumapili atakuja yeye, na baada ya hapo tutatafuta mtu wa kulipwa. Haukuwa mpango mzuri. Ulikuwa na matundu mengi kuliko ile karatasi yangu. Mpaka sasa tunaziba tundu moja, linafunguka lingine.

Tata akaanza kutoa nguo, akizitundika moja moja. Alipofika kwenye picha ya babu akaacha, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti.

"Mami, nilikuwa nimekukosea?"

"Eeh," cucu akasema.

Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyejua ile ilikuwa eeh gani.

Tata akaninyang'anya kalamu. Kwenye ile nafasi tupu akaandika Murera, kwa mwandiko wake wa kishule, na nukta. Batli iko kwenye droo ya cherehani. Batri ya saa hatukuipata mpaka jioni. Ilikuwa mfukoni mwa pacha msichana, na alidai kwamba hakuna aliyempa mji ili atoe jibu.